Mapigo yamepanda, HRV imeshuka: ni moyo au ni dawa?

*"Daktari, nina miaka 36, sina presha wala kisukari. Tangu mwezi wa nne natumia venlafaksini miligramu 75 kwa ajili ya sonona. Mwezi wa sita nikaongezewa methilfenideti ya kutwa nzima, miligramu 18 asubuhi, kwa tatizo la umakini. Kabla ya hapo saa yangu ya mkononi ilikuwa ikiandika mapigo 61 usiku na HRV 48. Sasa ni 73 na 27, na kila asubuhi inanitolea rangi nyekundu kwamba mwili haujapumzika. Wiki mbili zilizopita nilishikwa na mafua na bado nameza vidonge vya kuzibua pua mara tatu kwa siku. Rafiki yangu ana HRV ya 80. Mume wangu anasema dawa zinaniharibu moyo. Niziache?"*

Venlafaksini na methilfenideti usiziache kwa sababu ya saa. Unachoweza kuacha leo hii, bila kuuliza mtu, ni vidonge vya pua. Halafu tafuta mashine ya presha, ya kununua au ya kuazima, kwa sababu swali lenye uzito kwa mtu anayetumia dawa hizi saa yako haiwezi kulijibu. Nitafika huko. Kwanza tuelewane saa inapima nini inapoandika HRV, yaani kuyumba kwa muda kati ya pigo na pigo la moyo.

Wengi tumekua tukiamini kwamba moyo mzima hupiga kwa mpangilio usiobadilika, tik-tak kama saa ya ukutani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uvute pumzi polepole kisha uitoe polepole. Ukitulia utahisi mapigo yanakimbia kidogo unapovuta na kulegea unapotoa. Huko kukimbia na kulegea ndiko HRV inakohesabu. Mfano: muda kati ya pigo na pigo, kwa milisekunde, ni 980, kisha 1020, kisha 965, kisha 1010. Tofauti za jirani na jirani ni 40, 55 na 45. Saa inazipandisha kila moja kwa kipeo cha pili, inatafuta wastani, inachukua kipeuo cha pili cha wastani huo, inapata 47 hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa RMSSD, na 48 yako ya zamani ilipatikana hivyo. Sasa chukua 820, 846, 818, 845. Tofauti ni 26, 28 na 27, na jibu ni 27. Moyo wa pili hauna kasoro yoyote. Unapiga haraka zaidi, na nafasi ya kuyumba imebana.

Kuhusu rafiki yako mwenye 80, usijilinganishe naye hata kidogo. Kuna saa zinazoonyesha RMSSD na nyingine zinaonyesha kipimo kingine kiitwacho SDNN, na namba za vipimo hivi viwili hazilinganishwi. Hata mngevaa saa za aina moja, HRV hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Namba yako inafaa kulinganishwa na ya kwako tu.

Katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kuna kishada kidogo cha seli kinachoanzisha kila pigo. Ukikitenga na neva zote, kwa mtu wa umri wako kitapiga karibu mara 100 kwa dakika. Wewe ulikuwa unalala kwa 61 kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ilikuwa imekanyaga breki usiku kucha. Breki hiyo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hufanya kazi na kuyeyuka haraka mno, kiasi kwamba neva inaweza kubana pigo hili na kuachia linalofuata. Upande wa pili kuna mafuta: noradrenalini, inayosukuma mapigo lakini kwa mwendo wa pole, sekunde kadhaa kabla hujaona badiliko. Kwa hiyo RMSSD karibu yote ni habari ya breki. Mapigo yanapopanda huku RMSSD ikishuka, ama breki imelegezwa, ama mafuta yameongezwa, ama yote mawili. Saa haijui ni nani aliyefanya hivyo. Inajua tu kwamba kwa kawaida watu hupata hali hiyo wakiwa wamechoka, wamekunywa pombe au wanaumwa, basi inakuandikia kwamba hujapumzika. Neno hilo ni tafsiri ya mtengeneza programu, halikupimwa mwilini mwako.

Dawa zako mbili za kudumu zinafanana katika jambo moja. Seli za neva zikishatoa noradrenalini, kwa kawaida huinyonya tena na kuihifadhi. Venlafaksini inazuia unyonyaji huo, na methilfenideti pia inauzuia. Kemikali inayobaki nje inakusaidia kichwani, lakini dawa hazifanyi kazi kichwani peke yake. Zinazuia unyonyaji huohuo kwenye neva za moyo na za kuta za mishipa. Katika majaribio, venlafaksini imepandisha mapigo kwa wastani wa manne hivi, na dawa za umakini za kundi la methilfenideti kwa matatu hadi sita. Huo ni wastani. Kuna asiyehisi lolote na kuna anayepanda mara mbili ya hapo.

Kidonge cha pua nacho, kikiwa na pseudoefedrini, kinachochea noradrenalini hiyohiyo imwagike, ili mishipa iliyovimba ndani ya pua isinyae upate kupumua. Mishipa ya pua haina lango lake peke yake, kwa hiyo ya mwili mzima inasikia, na moyo pia. Kwa mtu asiyetumia dawa nyingine ongezeko ni dogo, mapigo kama matatu. Wewe umekiweka juu ya dawa mbili zinazosukuma upande uleule.

Sasa tuziangalie picha za grafu ulizonitumia nilipokuomba, maana zinaeleza zaidi ya namba mbili za swali lako. Kabla ya dawa yoyote ulikuwa 61 na 48. Mwishoni mwa mwezi wa tano, venlafaksini ikiwa imeshakaa, wastani wa wiki ni 66 na 38. Katikati ya mwezi wa saba, methilfenideti imeongezwa, 68 na 35. Ukapata mafua, na usiku wa homa ya 38.5 saa iliandika 78 na 21. Homa peke yake hupandisha mapigo karibu 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo usiku ule hauna fumbo. Homa ikaisha, lakini namba hazikurudi kwenye 68. Zimeganda kwenye 73 na 27 hadi leo. Katika kupanda kwako kwa mapigo 12, basi, saba ni ya dawa mbili za daktari wako, na matano yaliyobaki yalikuja na mafua yakabaki na vidonge.

Najuaje ni vidonge na si mabaki ya ugonjwa? Sijui kwa uhakika, lakini umbo la usiku linanishawishi. Mwezi wa saba mapigo yako yalikuwa yanateremka mara tu unaposinzia, kabla ya saa sita usiku yako chini. Sasa unameza kidonge cha mwisho saa nne usiku, na grafu inakaa juu kama meza hadi saa tisa, ndipo inateremka kuelekea alfajiri. Mafua yanayoisha kwa kawaida hayaangalii saa namna hiyo. Pseudoefedrini huchukua saa tano hadi nane kupungua kwa nusu mwilini, na mteremko wako umechelewa kwa kiasi kinacholingana na hilo. Mimi mwenyewe nilimeza kidonge kama hicho mwaka jana nikiwa zamu, nikalala asubuhi nikidhani nimechoka vya kutosha kulala popote, na saa yangu ikachora meza hiyohiyo.

Kanuni hii ya kutazama saa ya badiliko inafaa kwa dawa yoyote. Methilfenideti yako unaimeza saa mbili asubuhi, na kwenye grafu ya mchana ukiwa umekaa tu ofisini mapigo ni 84 kuelekea saa sita mchana, ambapo zamani yalikuwa 72. Jioni yanashuka. Ndiyo maana kwenye namba ya usiku iliongeza mawili tu: sehemu kubwa ya kazi yake imeisha unapolala. Ungekuwa unachelewa na kuimeza saa nne au saa tano asubuhi, usiku wako ungeibeba. Venlafaksini ya kutolewa polepole haina saa yake. Iko mwilini mchana na usiku, kwa hiyo inainua mstari wote kwa usawa. Badiliko linalokaa saa 24 ni la dawa ya saa 24, na linalokuja na kuondoka ni la dawa inayokuja na kuondoka.

Hapa niseme pembeni kidogo kwa wasomaji wengine. Si dawa zote za sonona ziko hivi. Sertralini na fluoksetini hugusa mapigo kidogo sana. Miongoni mwa zinazobadilisha namba za saa zaidi ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo kliniki zetu hutoa pia kwa kipandauso na maumivu ya neva. Yenyewe inaziba mahali ambapo asetilikolini hushikia kwenye moyo, yaani inakata waya wa breki. Mtu anapewa miligramu 25 kwa ajili ya ganzi za miguu, wiki inayofuata HRV imeanguka, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya miguu ingeonekana mkononi.

Je, moyo wako unaharibika? Mapigo 73 usiku yako ndani ya kawaida, na hata 84 ya mchana. Tafiti zinazoonyesha kwamba HRV ndogo huandamana na magonjwa zilihusu zaidi watu ambao miili yao ndiyo iliyoishusha: kisukari, moyo uliochoka, na hata sonona yenyewe isiyotibiwa. Namba iliyoshushwa na dawa haibebi maana ileile moja kwa moja. Lakini nisikudanganye kwamba hakuna cha kuangalia. Cha kuangalia ni presha. Venlafaksini hupandisha presha kwa baadhi ya watu, hasa dozi inapokua. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba waliotumia dawa za umakini kwa miaka mingi walikuwa na presha na magonjwa ya mishipa zaidi kuliko wasiotumia, na uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa wenye dozi za juu. Pseudoefedrini nayo hupandisha presha, na mamlaka ya dawa ya Ulaya imeizuia kwa watu wenye presha kali au isiyodhibitiwa na wenye ugonjwa mkali wa figo. Unasema huna presha. Nakuuliza: mara ya mwisho ilipimwa lini? Kama ni kabla ya mwezi wa nne, jibu hilo limepitwa na wakati.

Fanya hivi. Leo acha kidonge cha pua. Hakihitaji kupunguzwa pole pole, na ndani ya siku mbili kitakuwa kimetoka. Pua ikiziba, isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na ikiendelea zaidi ya wiki muulize mfamasia kuhusu dawa ya kupuliza yenye steroidi kama flutikasoni. Matone ya ksilometazolini ni sawa kwa siku tatu, yasizidi tano, la sivyo pua inazoea na inaziba zaidi ukiyaacha. Na kabla hujatupa boksi, lisome. Kama kiungo ni fenilefrini, basi nimekisingizia bure kuhusu moyo, na hata pua haikufaidika: ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwa kabla ya kufika kwenye damu, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza kuiondoa kwenye vidonge vya mafua kwa kukosa nguvu. Kama kuna dekstromethofani, ile ya kukausha kikohozi, usiirudie ukiwa kwenye venlafaksini bila kumuuliza daktari, maana hizo mbili zikikutana zinaweza kuzidisha serotonini hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho na kupata homa.

Kisha pima presha kwa siku saba. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, uandike zote. Mimi ningependa pia uipime presha saa sita mchana kwa siku mbili au tatu, methilfenideti ikiwa kazini, kwa sababu kipimo cha kabla ya dawa kinaweza kuificha. Tupa namba za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135 kwa 85 ndiyo mpaka. Ukiwa chini yake, nenda nayo kwenye kliniki yako ya kawaida. Ukiwa juu, piga simu uonwe ndani ya wiki hiyo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Daktari wako wa akili akiona presha imepanda ana njia kadhaa. Anaweza kushusha dozi, au kubadili venlafaksini kwa sertralini, ingawa kama venlafaksini ndiyo iliyokutoa kitandani baada ya nyingine kushindwa, mimi ningefikiri mara mbili kabla ya kuigusa. Anaweza kubadili dawa ya umakini, lakini mjue kwamba atomoksetini haikwepi tatizo hili: inapandisha mapigo pengine zaidi, na saa zote 24. Guanfasini hushusha mapigo na presha, ila si wote inaowafaa na si rahisi kuipata madukani. Ambacho nisingependa akufanyie ni kukupa kidonge cha kupunguza mapigo ili tu grafu irudi kijani.

Unaona sijataja kuacha ghafla. Venlafaksini hutoka mwilini haraka, na ukiruka hata siku moja au mbili unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kile wagonjwa wanachokiita shoti za umeme kichwani. Usiku wa namna hiyo saa itakuwa nyekundu kuliko leo. Kuna waliofanya hivyo, wakaona mapigo yamepanda, wakaamini ni uthibitisho kwamba dawa ilishawaharibu.

Kuna hali ambazo huhitaji kusoma makala wala kupima siku saba. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa, mapigo yanayobaki juu ya 120 ukiwa umetulia, au yanayorukaruka bila mpangilio kwa dakika nyingi: hospitali, siku hiyohiyo. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, hasa ukiwa bado na pseudoefedrini mwilini: hospitali, saa hiyohiyo. Presha ya 180 kwa 120 pamoja na dalili yoyote, vivyo hivyo. Mapigo ya mapumziko yanayozidi 100 kwa siku kadhaa bila dalili si dharura, lakini yanahitaji kipimo cha moyo cha umeme na kipimo cha damu cha thairoidi na wekundu wa damu, kwa sababu wakati mwingine dawa inasingiziwa jambo ambalo ni upungufu wa damu.

Nakisia kwamba wiki moja baada ya kuacha vidonge utarudi karibu na 68 na 35. Usipofika huko hata kwa wiki mbili, nimekosea kuvitupia lawama vidonge, na ndipo vipimo hivyo vya damu vinahitajika hata kama huna dalili. Ukifika, na presha iko chini ya mpaka, basi 68 na 35 ndizo namba zako kwa kipindi chote utakachotumia dawa hizi. Programu nyingi hukulinganisha na wiki zako zilizopita, kwa hiyo wekundu utafifia wenyewe. Mumeo mwonyeshe daftari la presha badala ya saa, na ukiwa unaingia chumba cha daktari, libebe hilo pamoja na boksi la vidonge vya mafua.